Kiti cha Kukunja Bafuni: Uzito Hubebwa na Ukuta

Kiti cha kuogea kinachokunjwa ukutani ni ubao wa plastiki au mbao unaoshikwa na bawaba mbili. Wakati wa kuoga huteremshwa, na baada ya hapo huinuliwa ili nafasi ibaki wazi. Hufaa sana bafu dogo lenye mzee, mjamzito au mtu aliyevunjika mguu. Kwenye boksi huandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa, mara nyingi kati ya kilo 100 na 150. Wanunuzi wengi husoma tarakimu hiyo na kuridhika, ingawa inaeleza uimara wa kiti tu. Mtengenezaji hajui kitafungwa kwenye ukuta gani wala kwa bolti gani, na viti vinapong'oka, mara nyingi ubao wenyewe hubaki mzima.

Sababu ni kwamba uzito wa mtu hausukumi bolti kwenda chini peke yake. Kiti kimejitokeza nje ya ukuta, kwa hiyo aliyekalia hukitumia kama mtaimbo: sehemu ya chini ya bamba la chuma huukandamiza ukuta, na bolti za juu huvutwa kutoka nje. Tuseme mtu ana kilo 80, amekaa vizuri, na uzito wake uko sentimita 25 kutoka ukutani. Bolti za juu na za chini zimeachana kwa sentimita 10. Ukizidisha 80 kwa 25 na kugawa kwa 10, unapata mvuto wa kilo 200 kwenye bolti za juu. Mtu huyohuyo akikaa ukingoni, sentimita 40 kutoka ukutani, mvuto unafika kilo 320. Kama bolti za juu ni mbili, kila moja inavutwa kwa kilo 160, sawa na uzito wa mtu mwenyewe mara mbili. Mgonjwa asiye na nguvu za magoti hujibwaga, na mzigo unaotua ghafla unaweza kuongeza nguvu hiyo maradufu.

Kutokana na hesabu hiyo, urefu wa bamba linaloegemea ukuta ndio wa kutazamwa kwanza dukani. Bolti zikiachana kwa sentimita 20 badala ya 10, mvuto hupungua kwa nusu. Bora zaidi ni kiti chenye miguu ya kukunjuka inayotua sakafuni, kwa sababu miguu hubeba sehemu kubwa ya uzito na mvuto kwenye bolti karibu unatoweka. Bei yake huwa juu kidogo, lakini kwa ukuta wenye mashaka hakuna pesa inayotumika vizuri kuliko hiyo.

Baada ya kiti huja ukuta. Kwenye nyumba nyingi za Afrika Mashariki vigae vimebandikwa juu ya lipu, na lipu juu ya tofali la mchanga na saruji. Kigae na gundi yake huweza kuchukua milimita 12, lipu nyingine 15. Hizo milimita 27 hazihesabiki katika ushikaji. Skrubu ya milimita 60, ukiondoa na unene wa bamba la kiti, inabaki na takriban sentimita 3 tu ndani ya tofali. Ndiyo maana plagi fupi ya plastiki, ile ambayo fundi huitumia kutundikia kioo, haifai hapa hata kidogo.

Ubora wa tofali hujulikana wakati wa kutoboa. Drili ikisonga kwa ukinzani sawasawa na kutoa vumbi kavu la kijivu, tofali ni zima. Ikizama ghafla, kuna tundu ndani au tofali ni la matundu. Likimwagika kama mchanga mtupu, saruji ilikuwa kidogo. Bolti ya kupanuka, ambayo hushika kwa kusukuma kuta za tundu, inafaa zege na jiwe gumu. Katika tofali dhaifu hulipasua, na kadiri inavyokazwa ndivyo inavyozidi kulegea. Kwa tofali zima lisilo gumu sana, njia ya kuaminika ni fimbo ya chuma yenye hesi iliyogandishwa kwa gundi ya resini. Tofali la matundu huhitaji kwanza soksi ya wavu ili gundi isidondokee ndani. Pale ambapo upande wa pili wa ukuta unafikika, bolti ipitishwe moja kwa moja na kukazwa kwa nati juu ya bamba pana la chuma. Hapo bolti haiwezi kuchomoka bila kuvunja tofali lenyewe. Nyumba kongwe za mawe ya matumbawe, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, zina kuta nene lakini chokaa yake ni laini, na kiti chenye miguu ndicho kinachozifaa. Kizigeu cha jipsam kisifungwe kiti chochote, isipokuwa kama ndani yake kuna mbao au chuma kilichowekwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya kutoboa, kigae kigongwe kwa sarafu. Kikilia mvungu, nyuma yake hakuna gundi, na bolti ikikazwa kitapasuka. Kigae hutobolewa kwa biti ya almasi bila mtindo wa kugonga. Ule wa kugonga, kama unahitajika, huanza biti ikishafika kwenye tofali. Mstari wa wima wa bomba na wa shawa ya umeme uepukwe, na umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Urefu wa kiti kutoka sakafu iliyomalizika ni sentimita 43 hadi 48, ili nyayo za mkaaji zitue zote.

Gundi ya resini hushindwa zaidi kwa sababu ya vumbi. Tundu lipulizwe, lisuguliwe kwa brashi, kisha lipulizwe tena. Gundi ya kwanza kutoka mdomoni mwa kopo hutupwa mpaka rangi iwe moja. Katika joto la pwani huanza kuganda upesi, kwa hiyo fimbo ziwe zimekatwa na kupimwa kabla kopo halijafunguliwa. Nati hazikazwi mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo utimie. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kwa hewa ya chumvi zichaguliwe zenye alama ya A4 kichwani. Zilizopakwa zinki huliwa na kutu mahali ambapo jicho halifiki.

Jaribio la mwisho halihitaji kifaa cha maabara. Kwa kiti cha kilo 150 kitakachokaliwa na mtu wa kilo 80, mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 hulazwa taratibu karibu na ukingo wa mbele na kuachwa kwa robo saa. Kabla ya hapo mstari wa penseli huchorwa kuzunguka bamba. Karatasi ikipenya juu ya bamba baada ya mzigo, au bamba likiachana na mstari, kiti hakikaliwi.

Baada ya hapo ukaguzi wa kila miezi michache hutazama mahali hapohapo: silikoni iliyochanika upande wa juu, ufa mwembamba kati ya vigae, mchirizi wa kutu chini ya bolti, au nati inayozunguka bila kukaza. Nati ya aina hiyo haikazwi upya kwa nguvu, kwani kilicholegea ni fimbo ndani ya ukuta. Hutobolewa tundu jipya mbali na la zamani.