Aspirini Kwenye Karatasi ya Mtihani: Alama Kumi Hupotelea Wapi

Swali lenyewe ni fupi: "Eleza namna aspirini ya dozi ndogo inavyomkinga mgonjwa dhidi ya shambulio la moyo. Alama 10." Wanafunzi wa udaktari, ufamasia na uuguzi hulikimbilia, kwa kuwa aspirini wameijua tangu utotoni, kabla hawajajua kwamba kuna somo linaloitwa famakolojia. Hapo ndipo matatizo huanzia. Dawa iliyozoeleka humshawishi mtahiniwa aandike yote anayoyajua juu yake, na swali alilopewa likabaki bila jibu.

Jibu linalorudi mara kwa mara huwa la namna hii: "Aspirini ni dawa ya kutuliza maumivu, kushusha homa na kupunguza uvimbe. Hutumiwa na wagonjwa wa moyo kwa sababu hufanya damu iwe nyepesi na kuyeyusha mabonge. Hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini. Madhara yake ni vidonda vya tumbo, kutokwa damu na kichefuchefu."

Ningelisahihisha mimi, lingepata alama mbili, tatu kwa huruma. Sentensi ya kwanza inataja matumizi ambayo hayakuulizwa. Ya pili ina kosa la wazi, kwani aspirini haiyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Kazi hiyo ni ya dawa nyingine kabisa, kama streptokinezi na alteplezi, ambazo huamsha mfumo wa mwili wa kuvunja nyuzi za bonge. Habari ya damu kuwa nyepesi ni lugha ya kumwelewesha mgonjwa dirishani, na kwa mgonjwa inafaa. Msahihishaji hawezi kuipa alama kwa sababu haisemi ni nini kilichobadilika ndani ya damu. Sentensi ya tatu imegusa ukweli, lakini imeishia mlangoni. Ya nne ni orodha tu.

Swali linapotaka uelezwe utendaji wa dawa, linauliza mambo yanayofuatana: dawa inashika nini mwilini, inakifanya nini, seli inabadilikaje, kiungo kinabadilikaje, na mwishowe mgonjwa ananufaikaje. Ni mnyororo, na alama nyingi zimo kwenye viungio, yaani pale unapoandika "kwa hiyo" na "kwa sababu". Mtahiniwa anayeruka kutoka kwenye jina la dawa hadi kwenye faida ya mgonjwa amekiacha kilichoulizwa.

Tuufuate mnyororo wa aspirini basi, pingili kwa pingili.

Ndani ya damu mna chembe sahani, vijichembe vidogo ambavyo kazi yake ni kuziba jeraha. Mafuta yaliyojikusanya kwenye ukuta wa mshipa wa moyo yakipasuka, chembe sahani hulichukulia tukio hilo kuwa ni jeraha. Hujishikiza pale na kuanza kuitana. Mojawapo ya sauti za kuitana ni kemikali iitwayo thromboksani A2. Chembe sahani huitengeneza kutokana na asidi ya arakidoni iliyo katika utando wake, na hatua ya mwanzo ya utengenezaji huo huendeshwa na kimeng'enya saiklooksijenezi cha aina ya kwanza, ambacho huandikwa COX-1. Thromboksani ikitoka nje hufanya mambo mawili: huziamsha chembe sahani za jirani zishikamane, na huubana mshipa. Bonge likikua mpaka likaziba njia, sehemu ya msuli wa moyo hukosa damu. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Aspirini inaingia kwenye hatua ya kimeng'enya. Huchomoa kipande chake kidogo kiitwacho asetili na kukibandika kwenye asidi amino ya serini, ndani ya mfereji ambao asidi ya arakidoni hupitia kwenda kufanyiwa kazi. Ni kama kijiti kilichovunjikia ndani ya tundu la kufuli: ufunguo halisi haupiti tena. Kifungo hicho cha kikemikali hakiachii. Neno la kuandika hapa ni kwamba kimeng'enya kimezuiwa "bila kurejea", na katika mgawanyo wangu wa alama neno hilo peke yake lina alama mbili. Mtahiniwa anayeandika "huzuia COX" akaishia hapo amesema jambo ambalo lingeweza kusemwa pia juu ya ibuprofeni na diklofenaki. Hajaonyesha kwa nini mgonjwa wa moyo hupewa aspirini, na wala si hizo nyingine.

Sasa kuna jambo linalowatenganisha wanaoelewa na waliokariri. Nusu ya aspirini iliyoingia kwenye damu huwa imetoweka ndani ya dakika 20 hivi, ikigeuzwa kuwa salisilati. Hata hivyo mgonjwa humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Inawezekanaje dawa inayotoweka upesi hivyo imkinge mtu siku nzima?

Jibu liko kwenye umbile la chembe sahani. Haina kiini, kwa hiyo haina maelekezo ya kutengenezea kimeng'enya kipya cha kutosha kuchukua nafasi ya kile kilichozibwa. Ikishazibwa, imezibwa maisha yake yote, ambayo ni kama siku 7 hadi 10. Uwezo wa kuganda hurudi tu kwa kadiri uboho unavyozalisha chembe sahani mpya, takriban sehemu moja ya kumi kila siku. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayetakiwa kuacha aspirini kabla ya upasuaji huambiwa aiache siku kadhaa kabla. Saa chache hazitoshi.

Nayo dozi ndogo, ambayo kwa kawaida ni miligramu 75 hadi 100 kwa siku, ina hoja yake. Kuta za mishipa hutengeneza prostasaiklini, kemikali inayofanya kinyume cha thromboksani: hupanua mshipa na kuzituliza chembe sahani. Hatutaki kuizuia. Seli za ukuta wa mshipa zina kiini, kwa hiyo zikiguswa na aspirini hutengeneza kimeng'enya kipya baada ya saa chache. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya prostasaiklini hutokana na COX-2, ambacho dozi ndogo hukigusa kidogo tu. Tena, aspirini inayofyonzwa utumboni hukutana na chembe sahani kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini, kabla ini halijaivunja. Chembe sahani hupata kipigo kamili, na mishipa ya sehemu nyingine za mwili hufikiwa na mabaki. Aya hii mtahiniwa akiiandika vizuri, msahihishaji anajua amekutana na mtu aliyekielewa kipengele cha "dozi ndogo" kilichomo kwenye swali. Wengi hulisoma neno hilo na kulipita.

Jibu lenye nguvu linaweza kufunguliwa hivi: "Aspirini hukizuia bila kurejea kimeng'enya COX-1 cha chembe sahani kwa kubandika asetili kwenye serini iliyo ndani ya mfereji wake. Asidi ya arakidoni haiwezi tena kugeuzwa, kwa hiyo thromboksani A2 haitengenezwi. Kwa kuikosa, chembe sahani hazishikamani kwa urahisi na mshipa haubanwi sana, na hatari ya bonge kuziba ateri ya moyo hupungua." Ni sentensi tatu, na karibu nusu ya alama zimeshapatikana. Hakuna utangulizi wa historia. Ni kweli kwamba John Vane ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kuwa dawa za jamii ya aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobeli. Ni habari nzuri ya kusoma, lakini mtihani haukuiuliza, na aya nzima juu yake ni dakika zilizopotea.

Dakika zenyewe zinahesabika. Mtihani wa saa 3 wenye alama 100 humpa mtahiniwa dakika 18 kwa swali la alama 10. Mbili au tatu za mwanzo zitumike kuchora mnyororo pembeni mwa karatasi kwa mishale, kabla ya kuandika sentensi hata moja. Mshale ambao huwezi kuuandikia sababu ndio unaokuonyesha sehemu usiyoielewa, na ni heri uione hapo kuliko katikati ya aya. Mchoro huo ukiusafisha na kuuandikia majina unaweza kukupatia alama. Mishale mitupu isiyo na maandishi haikupatii kitu.

Madhara nayo yana mahali pake, ila yatokane na mnyororo uleule. Tumbo hutumia COX-1 kutengeneza prostaglandini zinazoimarisha ute, kutoa bikaboneti na kuleta damu ya kutosha kwenye utando wake. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, kinga hupungua na asidi huuchubua utando. Wakati huohuo chembe sahani hazizibi vizuri, kwa hiyo kidonda kikitoka damu huendelea kutoka. Ukiandika hivyo, dhara moja lililofafanuliwa litakupatia alama ambayo madhara sita yaliyoorodheshwa hayakupatii.

Kosa moja zaidi hula alama kimyakimya, nalo ni kuchanganya aina za walengwa wa dawa. Kuna watahiniwa wanaoandika kwamba aspirini "huziba kipokezi cha COX". COX ni kimeng'enya: huchukua kemikali moja na kuigeuza kuwa nyingine. Kipokezi hupokea ujumbe na kuupitisha ndani ya seli, na salbutamoli ya mgonjwa wa pumu hufanya kazi yake kwenye kipokezi. Mwenye kuyachanganya haya mawili amekosea kwenye pingili ya kwanza, na msahihishaji huanza kuutilia shaka mnyororo wote uliobaki. Hali ni hiyohiyo kwa anayesema aspirini huzuia vitamini K. Hiyo ni kazi ya wofarini, inayofanyika kwenye ini na kugusa vigandishi vya damu, si chembe sahani.

Ukitaka kujipima leo, chukua swali hilohilo, futa aspirini, andika klopidogreli. Hii huzuia kipokezi cha ADP kiitwacho P2Y12 kwenye chembe sahani, nayo haiachii, ila lazima kwanza ini liigeuze ndipo iweze kufanya kazi. Andika jibu lako kwa dakika 18 bila kufungua kitabu, kisha mpe mwenzako kalamu nyekundu akate kila sentensi isiyoeleza sababu wala matokeo. Hesabu zilizobaki.