Baba Hasikii Simu: Ujumbe wa Kumwelekeza Hatua kwa Hatua

Mzazi anayelalamika kwamba simu yake "haina sauti" anaweza kuwa na shida mbili tofauti. Pengine simu inaita na yeye hasikii mlio. Pengine anapokea vizuri, ila maneno yanamfikia kwa mbali. Muulize kwanza ni ipi, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Simu ya tachi ina sauti kadhaa, na kila sauti ina kiwango chake: mlio, maongezi, muziki na video, hata kengele ya kuamsha. Kitufe cha ubavuni huziongoza kwa zamu. Kwenye simu nyingi za Android za miaka ya karibuni, ukikibonyeza simu ikiwa imetulia unapandisha muziki na video tu. Sauti ya maongezi hupanda ukikibonyeza wakati mnaongea. Ndiyo maana mzee anaweza kubonyeza asubuhi nzima, na jioni ukimpigia bado asikusikie.

Tuchukue mfano wa mzee anayeishi Lushoto na kutumia simu ya Samsung yenye menyu ya Kiingereza, na binti yake yuko Dar es Salaam. Binti amtumie ujumbe mbili, kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza uwe hivi:

"Shikamoo Baba. Leo tunaongeza sauti ya maongezi tu. Nitakupigia saa kumi jioni. Ukishapokea, usiiweke simu sikioni kwanza. Ishike mkononi huku ukitazama kioo. Upande wa kulia kuna vitufe viwili. Kifupi cha chini ni cha kuzimia kioo, kiache. Bonyeza ncha ya juu ya kile kirefu, uachie, ubonyeze tena, mpaka mstari utakaotokea kwenye kioo ujae. Kisha weka simu sikioni. Mimi nitakuwa nahesabu moja hadi kumi, nikirudia, mpaka uniambie unasikia."

Kuhesabu huko kuna kazi: mzee anapata sauti ya kupimia, na ukimya haumfanyi adhani simu imekatika. Wa pili ni wa mlio:

"Shikamoo Baba. Leo ni mlio. Gusa picha ya gurudumu lenye meno, imeandikwa Settings. Gusa Sounds and vibration. Juu kabisa utaona maneno matatu. Gusa Sound, maana mengine mawili hunyamazisha mlio. Shuka kidogo, gusa Volume. Kwenye mstari wa Ringtone, weka kidole juu ya kitone na ukiburute hadi mwisho wa kulia. Ukimaliza nitumie ujumbe, nami nitakupigia. Usipokee, iache iite, uende chumba cha pili usikilize."

Maneno ya menyu hutofautiana kati ya simu na simu. Kabla ya kuandika, mwombe mjukuu au jirani apige picha ya kioo cha simu ya mzee, unakili maneno kama yanavyosomeka pale.

Mstari ukijaa na simu bado haiiti, tazama kama Do not disturb imewashwa. Hiyo huzuia mlio hata sauti ikiwa juu kabisa. Ikiita na mzee bado haisikii, badilisheni mlio wenyewe. Usikivu unaopungua kwa uzee huanza kwa kupoteza sauti nyembamba, kwa hiyo mlio mzito kiasi humfikia kuliko wa filimbi au ndege.

Maongezi yakibaki hafifu, kuna kipimo rahisi. Mwambie aguse Speaker wakati mnaongea. Akisikia vizuri kwa laudispika lakini si sikioni, mpe kijana simu hiyo hiyo asikilize kwa sikio. Kijana naye akisikia kwa shida, huenda kitundu kilicho juu ya kioo kimezibwa na vumbi, au protekta ya kioo imekaa vibaya ikakifunika. Kisuguliwe taratibu kwa mswaki laini mkavu. Sindano hapana, itatoboa kilicho ndani. Kijana akisikia vizuri, basi simu ni nzima na tatizo liko sikioni mwa mzee. Ajaribu sikio la pili, kisha aende kupimwa, kwani wakati mwingine ni nta tu iliyojaa, na mhudumu wa afya huitoa. Ila sikio lililoziba ghafla, kwa siku moja au mbili, lisisubiri: mpeleke hospitali mapema, maana kuchelewa kunaweza kumpotezea usikivu moja kwa moja.