Chuma Kinachopoteza Mvuto wa Sumaku Kikipoa

Upo unga wa rangi ya zambarau ambao wakemia wameuchunguza tangu miaka ya 1960. Katika joto la kawaida la chumba, sumaku kali huuvuta. Ukipozwa kwa naitrojeni ya kimiminika hadi kupita nyuzi 97 chini ya sifuri, mvuto huo karibu wote hutoweka ndani ya nyuzi chache tu. Ukiachwa upate joto tena, mvuto hurudi. Fomula yake huandikwa Fe(phen)2(NCS)2, na ni kampaundi ile ile wakati wote: haikuungua, haikuoza, wala haikupoteza atomi hata moja.

Kila atomi ya chuma ndani ya unga huo imeshikwa na atomi sita za naitrojeni. Nne ni za molekuli mbili za fenanthrolini, na mbili ni za vipande viwili vya thiosianeti. Washikaji hawa huitwa ligandi. Chuma chenyewe kiko katika hali ya chaji mbili chanya, kwa hiyo kimebaki na elektroni sita za kupanga katika obiti tano za nje.

Laiti chuma kingekuwa peke yake, obiti hizo tano zingekuwa sawa. Ligandi zikikisogelea, zinagawanyika: tatu hushuka na mbili hupanda. Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu chini na viwili ghorofani, kodi ya juu ikiwa kubwa zaidi, na wapangaji sita wasiopenda kulala wawili wawili. Kodi ya ghorofani ikizidi kidogo tu, watatawanyika: wanne watakaa peke yao na wawili watabanana chumba kimoja. Hiyo ndiyo spini ya juu, na elektroni nne zisizo na wenzi ndizo zinazoitikia sumaku. Kodi ikiwa kubwa mno, wote sita watabanana chini, jozi tatu. Hiyo ni spini ya chini, ambayo sumaku haina cha kuvuta.

Tofauti ya nishati kati ya chini na juu ndiyo kipimo cha nguvu ya uga wa ligandi. Shika fenanthrolini mbili, kisha badilisha ligandi mbili zilizobaki. Ukiweka kloridi, uga ni dhaifu na chuma hubaki spini ya juu hata kikipozwa sana. Ukiweka sayanidi, au fenanthrolini ya tatu, uga ni mkali na chuma hujifunga katika spini ya chini. Thiosianeti iko katikati, mahali pembamba sana ambapo hali zote mbili zinakaribiana kwa nishati. Weka seleniamu badala ya salfa, mabadiliko ya mbali kabisa na chuma, na joto la kugeuka hupanda kutoka kelvini 176 hadi 232 hivi.

Lakini kwa nini joto lipendelee spini ya juu? Wengi hudhani joto husukuma elektroni moja moja kupanda ghorofani. Sivyo. Spini ya chini ina nishati pungufu, ndiyo maana baridi huichagua. Spini ya juu ina njia nyingi zaidi za kuwepo, yaani entropi kubwa, na uzito wa entropi hukua kadiri joto linavyopanda. Vipimo vya mwaka 1974 vya Sorai na Seki vilionyesha kwamba kugeuka kunahitaji jouli 8,600 kwa moli, na entropi huongezeka kwa jouli 48.8 kwa moli kwa kila kelvini. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: unapata 176.

Kinachovutia ni kwamba mpangilio wa spini peke yake huchangia 13.4 tu katika hizo 48.8. Sehemu kubwa iliyobaki inatokana na mitetemo. Obiti mbili za juu zinaelekea moja kwa moja kwenye ligandi, hivyo elektroni zikikaa humo huzisukuma nje. Umbali kati ya chuma na naitrojeni huongezeka kutoka angstromu 2.0 hivi hadi karibu 2.2, vifungo hulegea, na molekuli nzima hutetema kwa uhuru zaidi. Kwa kuwa kila molekuli inayovimba huzisukuma jirani zake katika fuwele, nyingi hugeuka karibu kwa pamoja, na ndipo badiliko huwa la ghafla.

Hapo pia ndipo kazi ya maabara huharibika. Unga uliopatikana kwa kuondoa fenanthrolini moja kutoka kwa kampaundi yenye tatu, kwa kutumia asetoni, hugeuka kwa ukali. Uliotengenezwa kwa kuchanganya viambato na kuacha utuame hugeuka polepole zaidi, na sehemu fulani ya chuma hubaki spini ya juu hata kwenye baridi. Kusaga fuwele nako huleta kasoro kama hiyo. Kwa hiyo ukiona grafu mbili za kampaundi hii zisizolingana, usikimbilie kulaumu kipimo. Uliza kwanza unga ulitengenezwaje.