Wateja wa Stendi na Wateja wa Sindeni

Mwavuli wa wakala wa kuandikisha wateja kwenye stendi ya Korogwe huwa na kazi asubuhi mabasi yanaposimama. Abiria anatoa namba, anathibitisha, na jina limeingia. Wakala akilipwa kwa kila kichwa, jioni ana orodha ndefu ya kuonyesha. Swali langu mimi mhesabuji huwa ni lile lile: wangapi kati ya hao walinunua, na wangapi walirudi?

Hesabu ya namna hiyo huitwa uchambuzi wa faneli. Jina halijakaa sawa, maana mafuta ya taa ukiyamimina kwenye faneli yote hutoka chini, ilhali hapa wengi hubaki juu. Chekeche lingefaa zaidi, lakini faneli ndilo lililozoeleka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Huduma ya kuagiza sabuni, sukari na mafuta ya kupikia kwa simu imeandikisha watu 1,000 mwezi Januari: 600 Korogwe, 400 Handeni. Tunahesabu waliofanya ununuzi wa kwanza ndani ya siku 30 tangu kujiandikisha, kisha walionunua tena ndani ya siku 60 baada ya hapo. Walionunua mara ya kwanza ni 300, waliorudi ni 105. Mwenye biashara akiishia hapo ataona asilimia 30, halafu asilimia 35 ya hao, na ataagiza matangazo zaidi kote kote.

Sasa tenganisha miji. Korogwe, kati ya 600 walinunua 240, wakarudi 60. Handeni, kati ya 400 walinunua 60 tu, wakarudi 45. Ukipima mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili ni karibu mtu mmoja kati ya kumi. Ila Korogwe wanapotea baada ya kununua, Handeni wanapotea kabla. Ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haitibu jingine.

Shida ya Korogwe ni rahisi kuibaini. Gawa wale 240 kwa mahali walipoandikishwa. Ikiwa wa stendi wamenunua mche wa sabuni wa nusu bei na wengi hawakuonekana tena, hao ni abiria. Sabuni yao imeshafika Arusha. Hakuna ujumbe wa kuwakumbusha utakaowarudisha. Acha kumlipa wakala kwa jina, mlipe kwa mteja aliyenunua mara ya pili.

Ya Handeni inataka kupasuliwa zaidi. Kati ya kujiandikisha na kununua kuna hatua zilizofichika, kwa hiyo zihesabu nazo. Tuseme kati ya 400, watu 310 walifungua orodha ya bidhaa, 190 wakachagua kitu, 60 wakalipa. Pengo kubwa liko kati ya 190 na 60, na ukurasa unaofuata kuchagua ndio unaosema mzigo utachukuliwa Chanika, Handeni mjini. Mtu wa Sindeni, nje ya mji, akipiga hesabu ya nauli ya kwenda na kurudi, sukari ya duka la jirani inakuwa nafuu. Angalau hiyo ndiyo dhana yangu ya kwanza. Faneli yenyewe inaonyesha walipoishia tu.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni kuhesabu laini badala ya watu. Mtanzania mwenye laini mbili ni wa kawaida, na akijiandikisha kwa zote anaonekana kama wawili, mmoja wao hajawahi kununua. Kinyume chake, simu moja ya nyumbani inaweza kuagiza kwa ajili ya mama, shangazi na mpangaji, na "aliyerudi" kumbe ni mtu mwingine. Kampuni za pesa kwa simu zinaujua mtego huu, ndiyo maana hutofautisha akaunti zilizosajiliwa na zilizotumika ndani ya siku 90 au 30.

Wa pili ni muda. Aliyejiandikisha Januari 31 ana siku 30 za kununua na nyingine 60 za kurudi, hivyo kundi la Januari halihesabiki kabla ya Mei. Ukihesabu Machi utasema wateja hawarudi, kumbe hawajapata nafasi. Na kwa mkulima wa Handeni hata siku 30 ni chache, kwa kuwa mahindi ya masika huvunwa Julai na Agosti, na kabla ya hapo mfukoni hamna kitu. Utajua kipimo chako ni kifupi ukichora siku ambazo kila mnunuzi alichukua tangu kujiandikisha hadi kulipa. Mstari ukipanda tena baada ya siku 150, wale uliowaita waliopotea walikuwa wanasubiri mavuno.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza tangazo jingine, chukua simu uwapigie ishirini kati ya wale 130 wa Handeni walioishia kabla ya kulipa, uwaulize nauli ya kufika Chanika ni shilingi ngapi.