Kufuta faili la mwenzako bila ruhusa yake

Watu wengi wanaotumia Linux huamini kwamba faili usiloruhusiwa kuliandika huwezi pia kulifuta. Si kweli, na haijawahi kuwa kweli tangu Unix ilipoandikwa katika maabara za Bell kule Marekani. Faili linaweza kuwa mali ya mtu mwingine, hata kulisoma huruhusiwi, na bado ukalifuta kwa amri moja. Kinachoamua ni folda lilimowekwa.

Tuchukue ofisi ya uhasibu yenye seva moja ya Linux. Amina na Juma wanafanya kazi pamoja, na wanataka folda moja ya kuwekea hesabu. Msimamizi wa seva anawatengenezea kikundi kiitwacho `hesabu`, anawaingiza wote wawili, kisha anaandaa folda hivi:

```
mkdir /srv/hesabu
chgrp hesabu /srv/hesabu
chmod 2770 /srv/hesabu
```

Tarakimu tatu za mwisho wengi wanazifahamu: 7 ya mwenye folda, 7 ya kikundi, 0 ya watu baki. Ile 2 ya mbele ndiyo mlango wa habari yetu. Nafasi hiyo ya kwanza hubeba ruhusa tatu maalumu: 4 ni `setuid`, 2 ni `setgid`, na 1 ni biti ya kunata.

`setuid` huwekwa kwenye programu. Programu yenye alama hii hufanya kazi kwa mamlaka ya mmiliki wake, awe nani aliyeiendesha. Mfano wa siku zote ni `passwd`. Maneno ya siri, yakiwa yamefumbwa, yamo kwenye `/etc/shadow`, faili ambalo mtumiaji wa kawaida haligusi. Lakini Juma lazima aweze kubadili neno lake la siri bila kumwita msimamizi. Kwa hiyo `passwd` ni mali ya `root`, ina `setuid`, na kwa sekunde chache inapofanya kazi inakuwa na uwezo wa `root` hata kama aliyeiita ni Juma. Ukiitazama kwa `ls -l` utaona `-rwsr-xr-x`: ile `s` imekaa mahali pa `x` ya mmiliki. Wazo hili ni la Dennis Ritchie, mmoja wa waasisi wa Unix. Aliliombea hataza mwaka 1973 na akaipata 1979.

Ni wazo zuri lenye meno. Kosa dogo katika programu ya `setuid` humfungulia mtu wa kawaida njia ya kuwa `root`. Januari 2022 ilitangazwa kasoro ya aina hiyo katika `pkexec`, na kasoro yenyewe ilikuwa imelala humo tangu 2009. Ndiyo maana wasimamizi makini huzihesabu programu hizi na kuzipunguza. Kwa folda, hata hivyo, `setuid` haina kazi, Linux huipuuza. Amina na Juma haiwasaidii.

Inayowasaidia ni `setgid`, ile 2. Kwenye programu hufanya kama ndugu yake, ila kwa kikundi. Kwenye folda hufanya jambo tofauti: kila faili linalozaliwa humo hurithi kikundi cha folda. Bila hiyo, faili analolitengeneza Amina lingebeba kikundi chake cha msingi, ambacho katika mifumo mingi ya Linux ni kikundi chenye jina lake na mtu mmoja tu ndani. Juma angelikuta pale pale folda ya pamoja na asiweze kuliandika. Kwa `setgid`, faili linazaliwa likiwa la kikundi `hesabu`, na folda ndogo zitakazotengenezwa ndani zitarithi alama hiyo hiyo.

Kuna mtego mmoja hapa unaowasumbua watu sana. Urithi huu hutokea faili linapozaliwa tu. Juma akinakili faili kutoka kwenye folda yake kwa `cp`, nakala inazaliwa upya na inachukua kikundi `hesabu`. Akilihamisha kwa `mv`, linakuja na kikundi chake cha zamani, na asubuhi Amina atapiga simu kulalamika kwamba hawezi kuliandika.

Mpaka hapo folda inafanya kazi. Wiki inapita, Amina anaandaa orodha ya mishahara. Anataka wenzake waisome lakini wasiiguse, kwa hiyo anaiwekea ruhusa ya 640: yeye aandike, kikundi kisome. Siku ya pili Juma anasafisha folda, anaona faili ambalo halimhusu, na anaandika:

```
$ rm mishahara.ods
rm: remove write-protected regular file 'mishahara.ods'? y
```

Mfumo umemuuliza kama kweli anataka kuondoa faili lililozuiwa kuandikwa. Amejibu `y`. Faili limekwenda. Swali lile lilikuwa adabu ya programu ya `rm` tu. Kiini cha mfumo chenyewe hakikuwa na pingamizi lolote.

Sababu yake ni namna folda ilivyo. Folda ni kama daftari la orodha: kila mstari una jina la faili na namba ya mahali pa kulipata kwenye diski. Maudhui ya mishahara hayamo kwenye folda. Humo mna jina lake tu. Kufuta faili ni kuufuta mstari ule, na diski huachilia nafasi pale tu jina la mwisho linapoondoka na hakuna programu inayolitumia faili. Kubadili jina nako ni kuuandika upya mstari. Yote mawili ni kuliandika daftari, si kuliandika faili. Na Juma ana ruhusa ya kuandika daftari, maana bila hiyo asingeweza kuweka faili lake hata moja. Ruhusa ya 640 aliyoiweka Amina ililinda maudhui, haikulinda jina.

Hasara haiishii kwenye kufuta. Juma anaweza kulifungua faili la maandishi la Amina kwa `vim`, akabadilisha, na akalazimisha kuhifadhi kwa `:w!`. `vim` italiondoa la zamani na kuandika jipya kwa jina lile lile. Amri ya `sed -i` hufanya vivyo hivyo kimyakimya. Dalili ya kwamba hilo limetokea ni moja: `ls -l` itaonyesha mmiliki ni `juma`, kwenye faili ambalo jana lilikuwa la `amina`.

Hapa ndipo biti ya kunata inapoingia. Msimamizi anaongeza alama moja:

```
chmod +t /srv/hesabu
```

Tangu hapo, mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda bado anaweza kuongeza faili. Lakini kuondoa jina au kulibadilisha kunaruhusiwa kwa watu watatu tu: mwenye faili, mwenye folda, na `root`. Juma akirudia amri yake na kujibu `y`, anapata `Operation not permitted`. Maneno hayo yafaa kuyazoea, kwa sababu mtu asiye na ruhusa kabisa ya kuandika folda huambiwa `Permission denied`. Ujumbe wa kwanza ukikutokea kwenye folda ambayo unaweza kuongeza faili, tazama kwanza biti ya kunata.

Folda sasa inaonekana hivi:

```
drwxrws--T 2 root hesabu 4096 Mar  3 09:12 /srv/hesabu
```

Ile `T` kubwa huwatia watu wasiwasi bure. Biti ya kunata huonyeshwa mahali pa `x` ya watu baki. Wao wakiwa na `x`, unaona `t` ndogo. Wakiwa hawana, kama hapa, unaona kubwa. Katika folda ya kikundi kilichofungwa, `T` kubwa ni sahihi kabisa.

Biti hii haikuanzia kazi hii. Mwaka 1974, katika toleo la tano la Unix, iliwekwa kwenye programu zinazotumika mara kwa mara ili nakala yake ibaki kwenye eneo la diski la kubadilishana na kumbukumbu, isisomwe upya kila mara; programu ilinata pale, ndipo jina likapatikana. Kompyuta zilipokua kazi hiyo ikakosa maana, na 4.3BSD ya mwaka 1986 ikaipa biti maana mpya kwenye folda. Kwenye faili za kawaida, Linux haiijali kabisa.

Mahali inapohitajika kuliko pote ni `/tmp`, folda ambayo kila mtumiaji na kila programu, hata zile za `setuid`, huweka faili za muda. Ruhusa yake ni 1777. Fikiria ingekuwa 777 tupu: programu ya `root` inaandika faili la muda, inageuka kufanya jambo jingine, na mtu wa kawaida analibadili jina na kuweka la kwake kwa jina lile lile. Programu ikirudi inasoma maneno ya mtu huyo kwa mamlaka ya `root`. Zaidi ya hapo, Linux 3.6 ya mwaka 2012 ilileta kinga dhidi ya viungo vya hila, yaani majina yanayoelekeza kwenye faili jingine, na mifumo mingi huiwasha. Kinga hiyo hufanya kazi kwenye folda iliyo wazi kwa wote na yenye biti ya kunata. Ukiiondoa biti, umepoteza kinga mbili kwa mpigo.

Na kuiondoa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Programu fulani inagoma, mtu anasoma ushauri wa haraka, anaandika `chmod 777 /tmp`. Programu pengine inaanza kufanya kazi, anaridhika. Tarakimu zile tatu zimefuta ile 1. `chmod` ya Linux ina tabia ya kuiacha `setgid` ya folda ukiandika tarakimu tatu, lakini biti ya kunata haiachi. Kwa hiyo hata msimamizi wetu akiandika `chmod 770 /srv/hesabu` kesho, kikundi kitaendelea kurithiwa kama kawaida, kila mtu ataona mambo sawa, na Juma atakuwa amerudishiwa uwezo wa kufuta.

Isitarajiwe zaidi ya inachoweza. Haizuii mtu kusoma faili la mwenzake, wala kulijaza takataka kama mwenyewe ameruhusu kikundi kuliandika. Hiyo bado ni kazi ya ruhusa za faili. Haizuii mtu kujaza diski. Na mwenye folda habanwi nayo, ndiyo sababu `/srv/hesabu` inafaa iwe ya `root`, isiwe ya Amina wala ya Juma.

Kama una seva mikononi mwako, endesha amri hii ukiwa `root`. Inatafuta folda zinazoandikwa na yeyote bila biti ya kunata:

```
find / -xdev -type d -perm -0002 ! -perm -1000
```

Amri hubaki ndani ya mfumo mmoja wa faili, kwa hiyo sehemu nyingine za diski, pamoja na `/tmp` ikiwa imetengwa, zipitie moja moja. Haioni pia folda za vikundi kama `/srv/hesabu`. Hizo zitazame kwa `ls -ld`. Kila mstari utakaotokea uutafutie sababu, na usipoiona, weka `chmod +t`.