Kupendekeza hati ya makubaliano: mfano wa chemchemi ya Bububu

Hati ya makubaliano huandikwa pale taasisi mbili zinapotaka kufanya kazi pamoja bila ya kuuziana kitu. Mfano wake unaweza kuchukuliwa Bububu, Mkoa wa Mjini Magharibi Unguja. Chemchemi ya hapo ilianza kuunywesha mji enzi za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kujenga mfereji wa kuyafikisha maji Mji Mkongwe. Hivi leo huduma ya maji iko mikononi mwa Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA. Ichukuliwe kwamba jumuiya ya wakaazi wa Bububu inataka kupanda na kutunza miti kuzunguka chanzo hicho kwa mashirikiano na Mamlaka.

Pendekezo huanza kwa barua ya ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi Mkuu, na nakala kwa Sheha. Barua hutaja kazi, mahali, muda, jumuiya italeta nini na inaomba nini. Huambatanishwa na rasimu ya hati, cheti cha usajili na muhtasari wa kikao kilichoidhinisha jambo hilo. Rasimu isiwe na saini. Iliyokwisha kutiwa saini na upande mmoja humfanya mwenzake aone kwamba ameletewa jambo lililoamuliwa, wakati wanasheria wake bado hawajalisoma.

Sehemu inayostahili kuandikwa kwa utulivu zaidi ni ya majukumu. Sentensi kama "pande zote zitahakikisha mazingira yanalindwa" haimpi mtu yeyote kazi, na ndiyo inayoua mashirikiano mengi. Majukumu yaandikwe kwa namna ambayo mtu akenda kwenye eneo ataona kama yametekelezwa. Jumuiya itachimba mashimo kabla ya masika, itapanda mvua zitakaposhika mwezi wa Machi au Aprili, itapalilia, na itahesabu miche iliyo hai kila baada ya miezi sita. Mamlaka itaonesha mipaka ya eneo, itaruhusu wanajumuiya kuingia kwa siku zilizokubaliwa, na itasema wapi pasipandwe kitu kwa sababu ya mabomba. Kila upande utaje afisa wa kuwasiliana naye kwa cheo, si kwa jina, ili uhamisho wa mtu mmoja usivunje mawasiliano.

Zanzibar kuna jambo jengine lisilosahauliwa. Kwa desturi ya visiwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwengine. Mikarafuu na minazi imemilikiwa hivyo kwa vizazi vingi. Hati ikinyamaza, aliyepanda mwembe karibu na chanzo anaweza baada ya miaka kudai maembe, kisha kudai njia ya kuyafikia, na hatimaye fidia. Kwa hiyo kifungu kimoja kiseme wazi kwamba kupanda hakumpi mpandaji haki juu ya ardhi, na kitaje miti na matunda ni ya nani. Kikikosekana hicho, bora hati isisainiwe kwanza.

Muda wa miaka 3 unafaa kazi hii, kwani mche unahitaji kuvushwa zaidi ya kiangazi kimoja. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, ni vyema hati iishe Juni 30. Kuongeza muda kufanywe kwa maandishi baada ya tathmini, na atakayetaka kujitoa atoe taarifa ya siku 90.

Jina la hati peke yake haliamui kama inafunga kisheria. Maneno yaliyomo ndiyo yanayoangaliwa. Upande mmoja ukiahidi kulipa kiasi fulani na mwengine kutoa huduma fulani, hapo mkataba umekaribia. Fedha zikihitajika, ziwekewe mkataba wake mbali, na hati iseme bayana kwamba haikusudii kuunda deni.

Baada ya wanasheria wa pande zote kurudisha maoni, huchapwa nakala safi mbili, zote asili. Anayesaini awe ndiye anayetajwa na katiba ya jumuiya, mara nyingi Mwenyekiti pamoja na Katibu; saini ya mjumbe mchangamfu asiyeidhinishwa inaweza kukanwa baadaye. Kila ukurasa hutiwa herufi za mwanzo za majina, na wa mwisho hutiwa saini, cheo, tarehe, muhuri na saini za mashahidi. Pande zikisaini siku tofauti, hati huanza kufanya kazi tarehe ya saini ya mwisho, isipokuwa imeandikwa vyengine. Kila upande hubaki na nakala moja asili, na Sheha hupewa kivuli chake. Badiliko lolote la baadaye huandikwa kwenye nyongeza yenye tarehe, ikasainiwa na wenye vyeo vile vile, kwani kalamu haipitishwi tena juu ya hati iliyokwisha kusainiwa.