Tiki ya Elgon Si Tiki

Muulize seremala wa Kitale mbao nzuri ya meza, na hutachelewa kusikia jina la tiki ya Elgon. Mlima uliotoa jina hilo unaonekana kutoka mjini, lakini mti wenyewe si tiki hata kidogo. Ni wa jamii ya mzeituni. Mbao yake ni ya hudhurungi hafifu, ina michirizi ya kijivu iliyokoza, ilhali tiki yenyewe huelekea rangi ya dhahabu. Mtu mwenye kabati la tiki akiagiza meza ya tiki ya Elgon ili vifanane, atashangaa siku meza itakapoteremshwa kwenye pikapu. Fundi hakumdanganya. Jina ndilo lililomponza.

Kwa hiyo anayetaka kuchanganya mbao sebuleni asianze na majina, aanze na kile ninachokiita rangi ya ndani. Kila mbao, iwe nyeupe au nyeusi kiasi gani, huegemea upande mmoja: wekundu, umanjano, au ukijivu. Kuijua si kazi. Weka karatasi nyeupe juu ya mbao, karibu na dirisha, saa sita mchana, utazame mpaka wa karatasi na mbao. Weupe wa karatasi huusukuma ule upande uliojificha ujitokeze. Mahogani hutoa wekundu papo hapo. Saiprasi hutoa umanjano. Grevilia, ile inayopandwa mipakani mwa mashamba, hutoa uwaridi na madoa yanayometameta kama magamba ya samaki. Mvule ni mjanja zaidi: ukitoka msumenoni una manjano, na baada ya miezi kadhaa ya mwanga unakuwa hudhurungi. Usiulinganishe ukiwa mbichi.

Mbao mbili zenye rangi ya ndani moja hukaa pamoja hata kama moja imekoza sana na nyingine ni hafifu. Zinazogombana ni zile zinazokaribiana bila kufikiana, kama suruali na koti la suti mbili tofauti zilizovaliwa kana kwamba ni suti moja. Jicho huona kwamba mwenye nyumba alijaribu kuzilinganisha akashindwa. Ndiyo maana namshauri mteja aachanishe ukolezi waziwazi, au asiuachanishe kabisa.

Mwaka jana niliitwa na mwalimu mstaafu nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa barabara ya Chwele. Alinikaribisha chai, kisha akanionyesha sebule kwa mkono. "Fundi, kila kitu hapa nilikinunua kikiwa kizuri. Mbona vikikaa pamoja vinazozana?"

Dari ilikuwa ya saiprasi, vanishi yake ya mafuta imekwisha kugeuka rangi ya asali. Ukutani lilisimama kabati la mvule alilorithi kwa baba yake. Katikati kulikuwa na meza ya grevilia iliyotoka Kitale, na makochi yenye mikono ya grevilia iliyopakwa rangi ya mahogani, nyekundu kama matofali. Sikushangaa kukuta mbao tatu katika chumba kimoja. Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, na zuio hilo likaondolewa Julai 2023. Katika miaka hiyo karakana nyingi nilizozijua ziliegemea miti ya mashambani, na mteja akachukua kilichopatikana.

Vyuma ndivyo vilivyokuwa soko huria. Grili za madirisha zilipakwa rangi ya fedha. Viti vya kulia vilikuwa na miguu ya chuma nyeusi, fimbo za pazia zilikuwa za dhahabu inayong'aa, na kabati la mvule lilikuwa limefungwa vishikio vya kromu. Katikati ya dari ilining'inia taa ya rangi ya shaba iliyozeeka, ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Vyuma vitano, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na mwenzake.

Mwalimu alikuwa na dawa yake tayari: tupake kila mbao rangi ya mahogani, yaishe. Nilimkatalia kwa heshima, kwa sababu dawa hiyo niliwahi kuinywa mwenyewe. Miaka michache iliyopita, Kitale, nilipaka rangi moja ya mahogani kwenye kabati la saiprasi na meza ya mkaratusi, siku moja, kutoka kopo moja. Mkaratusi ulitoka mwekundu wa kupendeza. Saiprasi ilitoka na mabaka kama ngozi ya chui, kwa kuwa mbao laini hainywi rangi sawasawa: sehemu zilizolegea hunywa sana, penye vifundo na utomvu hainywi. Nililazimika kupiga randa upya milango minne. Rangi ya kopo haiifuti rangi ya ndani. Hukaa juu yake na kuchanganyika nayo. Kopo moja kwenye mbao tatu ni rangi tatu.

Hapa Bungoma nilimwomba achague mbao moja iwe mkubwa wa chumba. Akachagua mvule bila kufikiri, na nilifurahi, kwani hilo ndilo tusingeweza kulibadilisha. Saiprasi ya dari ilikuwa ya upande uleule wa umanjano, tena hafifu zaidi, basi tukaiacha. Mgeni alikuwa ule wekundu wa makochi, na nyuma yake kidogo uwaridi wa meza.

Mikono ya makochi tuliipiga msasa namba 120 mpaka wekundu wa kopo ukatoka, kisha namba 180, tukaishia hapo. Wengi huendelea mpaka mbao iteleze kama kioo, halafu wanalalamika kwamba rangi haishiki. Vinyweleo vya mbao vikishazibwa na msasa laini, rangi haina pa kuingilia. Wekundu uliobaki, ule wa mbao yenyewe, haufutwi kwa rangi iliyokoza zaidi. Unatulizwa na ukijani, kwa kuwa rangi hizo mbili zikikutana huuana. Nilichukua rangi ya mbao ya hudhurungi inayoegemea kijani kidogo, ile isiyo na tone la nyekundu, nikaizimua na thina. Nikaijaribu mara tano upande wa chini wa meza, kila jaribio likipata vanishi juu yake, kwa maana rangi kavu bila vanishi haisemi ukweli. Jaribio la tatu ndilo lililoshinda. Mikono ya makochi na meza vikapata rangi hiyo, kisha mikono mitatu ya vanishi isiyong'aa sana, na msasa namba 320 kati ya mkono na mkono. Grevilia haikuwa mvule. Ilikuwa hudhurungi hafifu kuliko kabati, yenye magamba yake, na uwaridi haukuonekana tena.

Vyuma vina rangi ya ndani vilevile. Kromu ina ubuluu, chuma kisichoshika kutu kina ukijivu, shaba ina umanjano, na nyeusi isiyong'aa haina upande, ndiyo maana huelewana na karibu kila kitu. Mafundi wa zamani wa pwani walilijua hili bila kulifundishwa darasani: makasha ya Zanzibar na Lamu ni mbao iliyokoza yenye misumari na mabamba ya shaba, joto juu ya joto. Mimi huweka chuma kimoja kiwe kiongozi na kingine kiwe msaidizi, na msaidizi lazima aonekane angalau mahali patatu, vinginevyo ataonekana kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

Kiongozi alijichagua mwenyewe. Miguu ya viti sita tayari ilikuwa nyeusi, na grili ndizo zilizokuwa chuma kikubwa kuliko vyote chumbani. Tulizisugua grili kwa brashi ya waya, tukapaka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha mikono miwili ya nyeusi isiyong'aa. Fimbo za pazia nazo zikawa nyeusi, ila hizo zilihitaji kukwaruzwa kwanza kwa msasa, kwa sababu rangi haishiki juu ya uso unaong'aa. Ingebambuka siku pazia la kwanza linavutwa.

Shaba ilikuwa msaidizi. Taa ilikuwepo, fremu ya kioo cha ukutani ilikuwepo chumba cha kulala ikaletwa, na kabati likahitaji vishikio vinane. Hapa ndipo watu huteleza. Duka la vifaa huita "dhahabu" kila kitu cha manjano, na dhahabu mbili zisizolingana hugombana kuliko shaba na nyeusi. Nilifungua kifuniko kidogo cha taa nikaenda nacho dukani mfukoni. Nilikuwa pia na sumaku: ikinata, kishikio ni chuma kilichopakwa. Isiponata, bado si hakika kuwa ni shaba, kwa kuwa zinki nayo hainati. Geuza kishikio utazame ndani ya tundu la skrubu, pasipopakwa. Pakiwa pa kijivu, ile dhahabu ni ngozi tu, na jasho la mikono litaila. Tena chochote cha rangi hiyo usikisugue kwa waya wa kusugulia sufuria, hata kama ni shaba halisi, kwa sababu ile vanishi ya juu hutoka kwa viraka.

Vishikio vya kromu havikutupwa. Vilihamia makabati ya jikoni, ambako mfereji ni wa kromu na mlango unafungwa.

Jambo moja nusura lituharibie kazi. Mchomeleaji alikuwa akirekebisha grili moja uani, hatua chache kutoka kwenye kibao cha mkaratusi nilichokuwa nimekitayarisha kiwe rafu. Grainda hutoa vumbi la chuma usiloliona. Usiku umande ukaanguka, na asubuhi kibao kilikuwa na vidoa vyeusi kama kimenyunyiziwa wino. Si ukungu: ni chuma kilichokutana na tanini ya mbao penye unyevu. Msasa peke yake haukuvimaliza. Asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji moto ilivitoa, kisha tukaosha kibao kwa maji mengi. Unga wake ni sumu, uvae glavu na usiupige msasa ukiwa mkavu. Katika yadi za jua kali, ambako seremala na mchomeleaji hugawana kivuli kimoja, funika mbao kabla grainda haijawashwa.

Jioni tuliwasha taa na nusura nilie. Balbu zilikuwa za kelvini 6500, zile nyeupe za ubuluu. Shaba ikaonekana ya kijani, mvule ukaonekana umekufa. Tulizibadilisha kwa za 3000, na chumba kikarudi kama tulivyokiona mchana.

Vitu vipya vilivyonunuliwa kwa ajili ya sebule ile ni vishikio vinane, balbu nne, rangi, vanishi na karatasi za msasa. Kabati la baba yake halikuguswa ila kwenye matundu ya skrubu.